Nyota Tano za Watu Wanne

Januari, mwaka ambao mpwa wangu alikuwa anaolewa, kamati ya sendofu yake ilikaa kikao cha pili nyumbani kwa dada yangu, Mbagala. Mimi nilikuwa mweka hazina. Ajenda ilikuwa moja tu, ukumbi. Majina mawili yalikuwa mezani: ukumbi mmoja karibu na Barabara ya Kilwa ambao wazee walikuwa wanaujua, na mwingine mpya, wa ndani kidogo upande wa Chamazi, ambao kijana mmoja wa kamati aliupata kwenye simu.

"Mjomba, tazama mwenyewe," akanisogezea simu. "Huu wa wazee una nyota 4.4. Huu mpya una 5.0. Nyota tano kamili, na bei ni ile ile."

Simu ilizunguka mkono kwa mkono. Hakuna aliyekuwa na la kupinga, kwa sababu tano ni kubwa kuliko nne na nukta nne, na hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Kesho yake nikapeleka kianzio cha shilingi 600,000.

Sherehe ilikuwa Jumamosi ya pili ya Aprili. Mvua ilianza saa kumi jioni. Kutoka kwenye lami hadi ukumbini ni kama mita mia tatu za udongo, na kufika magharibi udongo huo ulikuwa tope. Magari mawili yalikwama, mengine yakashindwa kupita, na akina mama waliovaa sare ya kitenge walikuja kwa miguu, viatu mkononi. Saa tatu usiku umeme ukakatika. Jenereta ilikuwapo, ila ilikuwa ya kuwasha taa tu. Ikiunganishwa na muziki na feni inazima. Mpwa wangu aliagwa bila muziki, kwenye joto la watu mia mbili na hamsini.

Usiku ule niliporudi nyumbani nilifungua ukurasa wa ukumbi ule na kuusoma kwa mara ya kwanza, maana kikaoni tuliusoma juu juu. Pembeni ya ile 5.0, ndani ya mabano, kulikuwa na namba 4. Watu wanne. Ukumbi wa wazee, ule wa 4.4, ulikuwa na namba 120.

Makala haya ni kwa ajili ya kamati nyingine itakayokaa mahali fulani, Tegeta au Kijichi, Bunju au Tandika, na kupokea simu inayozunguka mkono kwa mkono. Nitazungumzia kumbi kwa sababu ndiko nilikoumia. Lakini kanuni ni hiyo hiyo kwa gereji, zahanati, nyumba ya wageni au fundi wa friji.

Namba iliyo kwenye mabano

Wastani unapatikana kwa kujumlisha nyota zote na kugawanya kwa idadi ya waliozitoa. Ukumbi wa Chamazi ulikuwa na watu wanne, kila mmoja kampa tano: jumla 20, gawanya kwa 4, unapata 5.0. Ukumbi wa wazee ulikuwa na watu 120 na jumla ya nyota 528: gawanya, unapata 4.4.

Sasa fanya jaribio dogo ambalo natamani ningelifanya siku ile. Chukulia kwamba leo anakuja mteja mmoja aliyekasirika na kuacha nyota moja kila ukumbi. Ukumbi wa Chamazi utakuwa na nyota 21 kwa watu watano, yaani 4.2. Ukumbi wa wazee utakuwa na nyota 529 kwa watu 121, ambazo bado ni 4.4 ukikadiria. Mtu mmoja ameushusha wa kwanza kutoka kileleni hadi chini ya mwenzake. Wa pili hakuutikisa.

Jaribio hili halihitaji kalamu. Ukiona wastani wowote, jiulize: mteja mmoja mbaya akija leo, namba hii itaporomoka kiasi gani? Kama itaporomoka sana, basi unachotazama ni bahati ya watu wachache waliotangulia, na ubora wa mahali penyewe bado haujajulikana.

Bahati inavyotengeneza tano kamili

Watu wengi wakiona 5.0 ya watu wanne hufikiri mambo mawili tu: ama mahali ni pazuri kweli, ama mwenye mali kadanganya. Kuna jambo la tatu, nalo ndilo la kawaida kuliko yote mawili. Ni bahati, bila uongo wa mtu yeyote.

Chukua ukumbi wa kawaida kabisa, ambao kati ya kila wateja kumi, saba huondoka wameridhika na watatu huondoka wakinung'unika. Huo si ukumbi ambao ungeuchagua ukiujua. Je, uwezekano wa wateja wake wanne wa kwanza kuandika maoni wawe wote ni wale walioridhika ni kiasi gani? Zidisha saba ya kumi kwa yenyewe mara nne: unapata takriban 0.24. Kwa hiyo ukichukua kumbi mia moja za aina hiyo, kila mmoja ukiwa na maoni manne, takriban 24 zitaonekana hazina doa. Karibu moja kati ya kila nne.

Wakifika watu kumi, kumbi zitakazobaki bila doa ni kama tatu tu kati ya mia. Wakifika ishirini, hata moja kati ya elfu haitapatikana. Wateja wasioridhika walikuwapo tangu mwanzo. Ilikuwa inasubiriwa zamu yao ifike.

Hapo ndipo mtego wa kupanga orodha kwa nyota ulipo. Ukiiambia simu ikupangie kumbi kuanzia yenye nyota nyingi, juu kabisa zitajazana zile za maoni matatu, manne, matano, kwa sababu ndizo pekee ambazo bahati inaweza kuzifikisha kwenye tano kamili. Ukumbi wenye wateja 120 hauwezi kufika huko hata ukiwa mzuri namna gani, maana katika watu 120 hakosi mmoja aliyefika siku foleni ya chakula ilikuwa ndefu. Ukiigeuza orodha chini juu utakuta hali ni hiyo hiyo: mkiani nako zimejaa za maoni machache, zilizoanza kwa bahati mbaya.

Watanzania tumewahi kuliona jambo hili kwa macho yetu bila kulitambua. Kwa miaka mingi, kila matokeo ya mitihani yalipotoka, Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza shule kumi bora na kumi za mwisho. Desturi hiyo ilikoma Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne ya 2022 yalipotolewa bila orodha hiyo. Lakini hata enzi za kutangaza, baraza lilizitenga shule zenye watahiniwa wachache na zenye watahiniwa wengi, kila kundi na orodha yake. Hesabu inaunga mkono utenganisho huo. Shule ya watahiniwa 20 ikipata vijana wawili wakali mwaka huu, wastani wake unapanda. Mwakani wakikosekana, unashuka, na walimu ni wale wale. Shule ya watahiniwa 300 haiyumbishwi na vijana wawili. Ukizichanganya, ndogo zitaonekana mara nyingi kileleni na mara nyingi mkiani, na mzazi atadhani udogo wa shule ndio siri ya kufaulu.

Kumi za kuanzia

Basi tufanyeje tukiwa na 5.0 ya watu wanne na 4.4 ya watu 120? Kuna hesabu nyepesi ninayoitumia sasa, na inafanyika kwa kalkuleta ya simu.

Kwanza tafuta kiwango cha kawaida cha eneo lako kwa aina hiyo ya huduma. Fungua kumbi nane au kumi zilizo jirani, zenye maoni mengi kidogo, uone wastani wao uko wapi. Tuseme zinazunguka kwenye 4.0. Halafu kila ukumbi unaoulinganisha, upe watu kumi wa kufikirika, kila mmoja akitoa hiyo 4.0 ya kawaida. Watu kumi hao wana nyota 40. Zijumlishe na nyota za kweli, kisha gawanya kwa watu wote, wa kweli na wa kufikirika.

Ukumbi wa Chamazi: nyota 20 za kweli na 40 za kuanzia ni 60. Watu ni 4 na 10, jumla 14. Jibu ni 4.29.

Ukumbi wa wazee: nyota 528 na 40 ni 568. Watu ni 130. Jibu ni 4.37.

Wazee walikuwa sahihi. Si kwa tofauti kubwa, na sitaki nidai kuwa hesabu ingetuambia kuna tope. Ila ingetuambia kwamba ile 5.0 haikuwa imeushinda ukumbi wa wazee, na kwamba uamuzi ulihitaji kitu kingine zaidi ya nyota. Sisi tulifunga mjadala mahali ambapo ulipaswa kuanza.

Maana ya hesabu hii ni rahisi. Mahali pasipojulikana tunapachukulia kuwa pa kawaida, hadi watu wa kutosha watuthibitishie vinginevyo. Wanne hawatoshi kuwashinda kumi wa kufikirika. 120 wanawameza, kiasi kwamba kumi hao karibu hawaonekani. Tovuti ya filamu ya IMDb imekuwa ikitumia kanuni ya aina hii kupanga orodha yake ya filamu 250 bora, ili filamu iliyosifiwa na watu wachache isiikalie ile iliyopigiwa kura na malaki. Kumi ni namba niliyoichagua mimi kwa matumizi ya mtaani. Ukitaka kuwa mwangalifu zaidi, weka ishirini.

Jihadhari na jambo moja: kiwango cha kawaida hutofautiana kati ya huduma na huduma. Kwenye programu za usafiri kama Bolt na Uber, abiria wengi hubonyeza tano bila kufikiri ili mradi wamefika salama. Huko dereva wa 4.4 yuko chini ya wenzake, wakati kwenye kumbi 4.4 ni ya kuheshimika. Linganisha ukumbi na ukumbi, dereva na dereva.

Mistari mitano iliyo chini ya wastani

Mwaka uliofuata kaka yake mpwa wangu naye alioa, na safari hii shughuli ilikuwa upande wa Kinondoni, kule Tegeta na Bunju. Nikaombwa tena niwe mweka hazina. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba hakuna kianzio kitakachotoka kabla hatujakaa na simu kwa saa nzima.

Baada ya kuchuja tulibaki na kumbi mbili. Kila mmoja ulikuwa na maoni 30. Kila mmoja ulikuwa na wastani wa 3.8. Mtu anayetazama wastani na idadi peke yake angesema ni mapacha, arushe shilingi.

Lakini Google Maps, ukishafungua maoni, huonyesha mistari mitano iliyolala, mmoja kwa kila daraja kuanzia nyota tano hadi nyota moja. Urefu wa kila mstari ni idadi ya watu waliotoa daraja hilo. Mistari hiyo ndiyo mtawanyiko wa alama, nayo inasema yale ambayo wastani umeyaficha. Kwa maoni 30 hatukukadiria kwa macho, tuliyasoma yote na kuyahesabu kwenye karatasi. Ilituchukua dakika ishirini.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa hivi: watu 21 walitoa nyota tano, watu 9 walitoa nyota moja. Katikati hakuna mtu. Jumla ya nyota ni 105 na 9, yaani 114, na ukigawanya kwa 30 ni 3.8.

Ukumbi wa pili: watu 4 walitoa tano, 17 walitoa nne, 8 walitoa tatu, mmoja alitoa mbili. Jumla 20, 68, 24 na 2, yaani 114 vile vile. Ni 3.8.

Tazama kwamba katika ukumbi wa kwanza hakuna mtu hata mmoja aliyepata shughuli ya 3.8. Walipata ama siku nzuri mno ama siku ya kulia. Anayelipa kianzio pale ananunua nafasi saba kati ya kumi za furaha na tatu kati ya kumi za aibu. Ukumbi wa pili hauna watu wengi wa kuusifia, lakini karibu kila aliyeingia alipata kitu kile kile: shughuli nzuri yenye kasoro ndogo. Katika watu 30, mmoja tu alitoka na hasira.

Upi ni bora? Inategemea unapoteza nini mambo yakiharibika. Kama unatafuta pa kula chipsi kuku Ijumaa jioni, wa kwanza unafaa. Ukikuta siku mbaya umepoteza shilingi elfu kumi, na wiki ijayo utakwenda kwingine. Sherehe ya ndoa haina wiki ijayo. Michango imeshachangwa na wageni wametoka Mwanza na Songea. Kwa jambo linalofanyika mara moja, usiangalie kilele kinafika wapi, angalia chini pana kina gani. Anza kusoma na mstari wa nyota moja na wa nyota mbili. Ile mistari ya chini ikiwa mirefu, wastani mzuri usikushawishi.

Maumbo mengine utakayoyakuta ni haya. Mstari wa tano mrefu, wa nne wa wastani, halafu mitatu mifupi inayolingana, ni umbo la mahali pazuri penye wateja wengi wa kweli. Ukumbi wa wazee wa Mbagala ulikuwa hivyo: 84 walitoa tano, 18 nne, kisha sita, sita na sita. Mstari wa tano peke yake na mingine mitupu, penye watu wachache, haukuambii kitu bado. Na mstari wa moja mrefu kama wa tano unamaanisha kuna makundi mawili ya watu, na kazi yako ni kujua yanatofautiana kwa nini.

Kuwauliza wale tisa

Tulirudi kwa wale tisa wa nyota moja. Nyota moja zenyewe hazitoshi kuukataa ukumbi, lazima ujue zinatoka wapi. Tuliwauliza maswali mawili.

Swali la kwanza ni la tarehe. Google Maps hukuruhusu kupanga maoni, na kwenye simu ya lugha ya Kiingereza maneno ya kubonyeza ni `Newest` kwa mapya kwanza, na `Lowest` kwa ya chini kwanza. Kama nyota moja zote tisa zingekuwa za miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo ni tano tupu, tungesema uongozi umebadilika na kosa limerekebishwa. Kama zingekuwa za miezi michache ya karibuni baada ya tano nyingi za zamani, tungesema mahali panaoza na wastani bado unakula akiba ya zamani. Zetu hazikuwa hivi wala vile. Zilitawanyika kwa miaka miwili mizima, ya mwisho ikiwa ya mwezi uliopita. Ugonjwa ulikuwa wa kudumu.

Swali la pili ni la sababu. Tuliandika neno moja kwa kila lalamiko. Sita kati ya tisa yalikuwa umeme: TANESCO ikikata, jenereta haiwaki au haina mafuta. Mawili yalikuwa ya kianzio kisichorudishwa baada ya mteja kuahirisha. La mwisho lilikuwa la jirani anayelalamikia kelele. Huyo wa mwisho tulimfuta kwenye hesabu, si kwa sababu hana haki, ila swali lake si letu. Sita waliolalamikia kitu kimoja bila kujuana, kwa miezi tofauti, ni ushahidi mzito kuliko nyota tano ishirini zisizo na maneno. Sasa umbo la mtawanyiko likaeleweka: usiku umeme ukiwapo, mteja anatoa tano. Ukikatika, anatoa moja. Furaha yako imefungwa kwenye waya wa nje.

Kisha tukasoma watu wanane waliotoa nyota tatu kwenye ukumbi wa pili. Nakuomba uzoee kusoma nyota tatu. Mwenye furaha kubwa na mwenye hasira kubwa ndio huandika kwa haraka, na maneno yao mara nyingi ni mafupi: "Pazuri sana", "Wezi hawa". Anayetoa tatu amepima, na kwa kawaida anataja vitu. Wanane hawa walisema maegesho ni madogo, feni hazitoshi wageni wakizidi mia mbili, na vyoo viko mbali na ukumbi. Hizo ni kasoro zinazojulikana, na kasoro inayojulikana unaweza kuiandalia bajeti. Tuliuchagua ukumbi wa pili. Tukakodi feni sita na kuwaweka vijana wawili wa kupanga magari barabarani.

Shughuli ilikwenda salama. Lakini sitakuambia kwamba hilo linathibitisha njia yangu, kwa sababu nikisema hivyo nitakuwa nimefanya kosa lile lile la kuhukumu kwa siku moja. Hata ukumbi wa kwanza ungeweza kutupa usiku mzuri, nafasi zilikuwa saba kati ya kumi. Tulichokifanya ni kupunguza uwezekano wa kuharibikiwa.

Maoni ya kiangazi

Kuna tobo jingine, na kwa pembezoni mwa Dar es Salaam ni kubwa. Maoni machache mara nyingi yanatoka kipindi kimoja cha mwaka. Wale wanne wa Chamazi wote waliandika mwezi Septemba, wakati udongo ni mkavu na gari dogo linapita bila shida. Hawakudanganya. Waliona barabara nzuri wakasema ni nzuri. Sherehe yetu ilikuwa Aprili, katikati ya masika.

Kwa hiyo unaposoma maoni ya mahali pa Mbande, Toangoma, Mabwepande au Bunju, angalia yameandikwa miezi gani. Kama shughuli yako ni kati ya Machi na Mei, tafuta hata mtu mmoja aliyeandika miezi hiyo. Usipompata, hesabu kwamba kuhusu mvua huna maoni hata moja, hata kama ukumbi una hamsini.

Angalia pia walioandika ni nani. Ukibonyeza jina la mwandishi utaona ameandika maoni mengine mangapi. Nilipowabonyeza wale wanne, watatu hawakuwa wameandika kuhusu mahali pengine popote, na wawili hawakuwa na neno hata moja, nyota tu. Huenda walikuwa wateja wa kweli, na huenda walikuwa wapwa wa mwenye ukumbi. Siwezi kujua, na kwa watu wanne mashaka hayo yanatosha kuyafanya maoni yao yasiwe na uzito. Katika watu 120, wapwa wanne hawawezi kufanya lolote.

Maoni yakiwa machache, nenda

Kuwa na maoni machache si kosa. Huku kwetu kumbi nyingi nzuri zina maoni matatu au hazina kabisa, kwa sababu watu wanaambizana kwa mdomo na hakuna anayekumbuka kuandika. Ukizikataa zote utabaki na za katikati ya mji, kwa bei ya katikati ya mji. Maoni machache yanakuambia tu kwamba kazi ya kukusanya ushahidi imebaki kwako.

Nenda Jumamosi usiku, kukiwa na shughuli ya wenzako, usiende Jumanne asubuhi ukumbi ukiwa mtupu. Simama nje usikilize. Muombe msimamizi akuwashie jenereta ukiiona, na umwambie aiunganishe na muziki na feni kwa pamoja, si taa peke yake. Kama kianzio hakirudishwi, hilo liandikwe kwenye risiti, pamoja na masharti ya umeme ukikatika.

Halafu tafuta waliotumia ukumbi, lakini usikubali majina ambayo mwenye ukumbi anayachagua mwenyewe. Atakupa watatu waliofurahi, na utakuwa umerudi kwenye 5.0 ya watu wachache. Muombe akutajie waliofanya shughuli Jumamosi tatu zilizopita, mfululizo, hata kama hakupi namba ya simu. Wapambaji, wapishi na washereheshaji wa eneo hilo watakuunganisha, kwani wao ndio huingia kumbi zote na hawana hasara wakikuambia ukweli. Watu watatu waliochaguliwa na kalenda wanakufaa kuliko kumi waliochaguliwa na muuzaji.

Na hapa nina ombi kwako. Wiki moja baada ya shughuli yako, uchovu ukiisha, fungua ukurasa wa ukumbi uliotumia uandike mistari mitatu: ilikuwa mwezi gani na hali ya barabara ilikuwaje, wageni walikuwa wangapi, na nini kilitokea umeme ulipokatika. Toa nyota unazoziamini, hata kama ni tatu. Baada ya sendofu ya mpwa wangu niliandika mistari hiyo kwenye ukurasa wa ukumbi wa Chamazi, nikatoa mbili. Wastani ukashuka kutoka 5.0 hadi 4.4, na kwenye mabano ikasomeka 5. Kamati inayokaa leo ikisoma ukurasa ule, itajua kuhusu tope.